Mguu wa Pili wa Suruali

Asubuhi ile haikuwa na lolote la ajabu. Chai ilikuwa ya moto, mkate ulikuwa wa jana, na mke wa Mzee alikuwa ameketi dirishani kwenye cherehani yake akigombana na suruali ya mumewe.

"Wewe unapungua au suruali zinarefuka?" aliuliza.

"Suruali zinarefuka," alisema Mzee.

"Ndiyo maana unafagia barabara nzima."

Binti yao alikuwa amechuchumaa sakafuni, kichwa chini ya meza ya mashine, mafuta hadi kwenye kiwiko. Alikuwa na shahada ya uhusiano wa kimataifa na hakuwa na kazi. Mtaani walimwita Balozi. Mwanzoni lilikuwa jina la sifa, wakati bado anasoma. Baadaye likawa la kumcheka: "Balozi, leo umetumwa nchi gani?" Naye akiwa na ndoo mkononi hujibu, "Bombani."

Mashine za kushona alizifahamu tangu utotoni. Uzi ukijisokota huko chini, mama yake humwita, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyembamba na vya mama vilikuwa vimeshavimba. Akaanza kwa kutoa uzi, kisha kufungua skrubu. Mwishowe akawa anaisikia mashine ikilia chumba cha pili na kusema kinachoiuma.

"Imenyamaza?" aliuliza chini ya meza.

Mama akakanyaga. Mashine ikakimbia kama maji. "Imenyamaza. Mwanangu, wewe Mungu alikuandikia spana, ni serikali tu iliyokupa cheti."

Akamaliza mguu mmoja wa suruali, akaingiza wa pili chini ya sindano, akashona kiasi cha vidole vitatu. Kisha akajishika kichwa. Akasema anajilaza kidogo, kinamgonga. Mguu wa pili angeumalizia akiamka.

Hakuamka.

*

Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Suruali ikabaki palepale, imebanwa, sindano imesimama ndani yake. Mzee akaifunika mashine kwa shuka ya maua. Hakutoa amri yoyote. Ila Balozi alipotaka siku moja kusogeza meza ili afagie, Mzee alikohoa. Binti hakufagia pale tena.

Mzee hakuwa mtu wa maneno. Shule aliiona kwa nje tu, alipokuwa akipita kwenda kazini. Huzuni yake aliiweka mahali anapoweka kila kitu, yaani mfukoni, akaendelea kutembea. Lakini alikuwa na siri moja. Kila juma, binti akishatoka, alifunga mlango, akainua shuka na kuipa mashine mafuta. Aliwahi kumwona mkewe akifanya hivyo: tone hapa, tone pale, kwenye vitundu. Chuma kisipopata mafuta hushika kutu, hilo halihitaji shule. Mkewe alikuwa na kichupa chake kidogo. Kilipokwisha, Mzee akatazama huku na huku, akachukua chupa nyingine iliyokuwa karibu.

Balozi naye aliendelea kuandika barua za kazi. Kote walimuuliza ana uzoefu gani.

"Niseme nini?" alimuuliza baba yake. "Niseme nina uzoefu wa kuandika barua za kazi?"

"Sema," alisema Mzee. "Si uongo."

Mama Vifungo ndiye aliyeanzisha mambo. Alikuwa fundi cherehani, rafiki wa marehemu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuuza mnadani, na kifuani alibandika pini nyingi hivi kwamba watoto waliogopa kumkumbatia. Alikuwa na chumba kwenye safu ya mafundi, nyuma ya stendi. Alikuja kurudisha mkasi wa marehemu, akakaa, akalia kidogo, akapangusa macho, akaanza kulalamika.

"Mashine yangu inaruka mishono. Mmoja inashona, miwili inaruka, kama mtoto anayekwepa madimbwi. Na nikimpelekea Daktari, ndiyo nimeiozesha."

Daktari alikuwa fundi pekee wa mashine aliyejulikana mjini. Mashine ikiingia kwake ilikaa mpaka mwenyewe asahau rangi yake.

"Nije kuiona, mama?" Balozi aliuliza.

"Wewe? Si Balozi wewe?"

"Nitakuja kuwapatanisha."

Alikwenda. Akainama, akachungulia, akalegeza skrubu moja ndogo, akachomoa sindano, akaigeuza, akaikaza tena. Sindano za mashine zile zina ubavu mmoja bapa, na ubavu ule ulikuwa umetazama upande usio wake. Mashine ikashona mstari mzima bila kuruka hata mshono mmoja.

Mama Vifungo akakunja uso. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Yaani nimeteseka wiki mbili kwa ajili ya kugeuza sindano?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Akampa kiganja cha vifungo.

Huo ukawa ndio mtindo. Habari zilienea safu nzima kwamba Balozi anatibu. Walimwita asubuhi, walimwita mchana. Huyu uzi umenasa, yule mashine inatafuna kitambaa, mwingine mkanda umelegea. Alirekebisha, wakamwombea dua. Alirudi nyumbani na vifungo, vipande vya vitambaa, na siku moja nusu ya boga.

Mzee aliligeuza lile boga. "Hii ndiyo biashara?"

"Ndiyo mwanzo, Baba."

"Unamaliza haraka mno. Mtu akiona dakika moja, moyo wake hautaki kulipa. Fungua fungua kidogo. Jifute jasho."

Balozi akacheka, lakini neno lilimwingia. Fundi mwingine alipomwita, akafungua hata visivyohitaji kufunguliwa. Alipanga skrubu mezani kama daktari wa upasuaji, akajifuta jasho ambalo halikuwepo, mafundi wa jirani wakija kutazama. Alipofika kwenye kile kifundo kinachobana uzi wa juu, kispringi chake kikaruka, kikapita mlangoni, kikatumbukia kwenye sufuria ya uji ya mama aliyekuwa akipikia nje. Uji ukaanza kuchujwa. Safu nzima ilisimama kazi. Kilipopatikana, mwenye uji alitaka fidia, mwenye mashine alitaka kichemshwe tena kwa maji safi, na Balozi alikuwa na jasho la kweli sasa.

Alimsimulia baba yake jioni.

"Mimi nilisema ufungue," alisema Mzee. "Sikusema urushe."

Tangu siku ile aliacha maigizo. Alichukua mkebe wa biskuti wa mama yake, akapanga ndani yake bisibisi, brashi, sindano mpya na mafuta ya mashine, na kabla hajaufungua alisema mbele ya mwenye mashine: bei ya kufika kwangu ni hii, nikitengeneza dakika moja au siku nzima, kufika ni kufika, na kifaa kikihitajika tutakubaliana kabla sijakigusa. Waliguna. Mama Vifungo akaguna kuliko wote, "Balozi sasa anatoza viza!" Lakini wakalipa, kwa sababu Daktari alikuwa bado na mashine za watu tangu mwaka uliopita.

Ila alikuwa akigota palepale. Kugeuza sindano na kusafisha vumbi kulimpa chumvi na sabuni. Kazi kubwa, ile yenye faida, ilihitaji mashine ilale nyumbani siku mbili tatu, ifunguliwe yote, iloweshwe, kifaa kitafutwe madukani. Na hapo ndipo kila fundi alipokuwa jiwe.

"Nikupe mashine halafu mimi nishone kwa meno?"

Walikuwa na haki. Mashine ikilala, sufuria nayo inalala. Basi wakaendelea kushona na mashine zao mbovu hadi zikafa kabisa.

Wakati huo ndipo baba mdogo wa Balozi alipopiga simu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mji wa mbali. Alitaka mtu wa kukaa kaunta.

"Kaka," alimwambia Mzee, "mtoto amesoma, anazunguka na mkebe wa biskuti? Mlete huku. Nataka jibu kabla ya mwisho wa juma, kuna mwingine anaitaka hiyo nafasi."

Mzee alisema sawa. Aliweka simu chini, akatazama nyumba. Ilikuwa na vyumba viwili, viti vitatu. Alianza kuhesabu nani angekalia viti, akaacha.

"Unataka kwenda?" alimuuliza binti.

"Sitaki. Lakini siwezi kuishi kwa maboga. Mashine ya Mama Vifungo imekufa leo. Sindano iligonga chuma. Ncha ya ile ndoano inayodaka uzi huku chini imekatika, na mti unaoshika sindano umehama. Ninaiweza. Ila ana sare za shule za kushona, hawezi kunipa mashine akae bure. Anasema nikimpatia nyingine ya kushikilia kwa muda, ananipa kazi. Na safu nzima inatazama, Baba. Nikifanya hii moja, watanipa zote."

Hakutaja shuka ya maua. Hakuitazama hata. Mzee ndiye aliyeitazama.

"Ile haitoki," alisema.

"Sijasema kitu, Baba."

"Najua. Haitoki."

Balozi akainuka, akaenda kuosha vyombo. Baada ya muda alisikika akiuliza, "Baba, haya mafuta ya kupikia mbona yanaisha hivi? Tunakula mayai mawili kwa wiki."

Mzee alisema labda chupa inavuja.

*

Kesho yake Mzee alivaa koti, akaenda mwenyewe nyuma ya stendi. Mama Vifungo alikuwa amezingirwa na marundo ya sare, anashona kola kwa mkono huku akiilaani sindano, uzi, na mtu aliyegundua shule.

"Shikamoo shemeji," alisema bila kuinuka. "Usikanyage mikono ya mashati."

Mzee akaitika, akasimama katikati ya mikono ya mashati. "Mpe mtoto mashine."

"Nitampa. Alete ya kushikilia."

"Hana."

"Basi."

Mzee akafikiri. Alikuwa amefikiri njia nzima, na hakuwa amepata la maana zaidi ya hili: "Nitakaa mimi."

"Utakaa wapi?"

"Hapa. Mpe mashine, mimi nikae mpaka irudi. Mtoto hawezi kumwacha baba yake."

Mama Vifungo akaweka kola chini. Akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Shemeji, unajua kushona?"

"Sijui."

"Kukata?"

"Sijui."

"Sasa nikuweke rehani nikufanyie nini? Nikupitishe uzi sikioni, nikukanyage?"

Watu wa chumba cha jirani wakaangua kicheko. Ukuta ulikuwa wa mbao. Mzee hakucheka, lakini hakuondoka pia. Mama Vifungo akapunguza sauti, jambo ambalo hakuwa amezoea kulifanya.

"Ipo mashine nzuri kwenye nyumba yako. Mwenyewe hakuwahi kuilaza hata siku moja. Alikuwa na homa akashona. Alikuwa na mimba ya Balozi, tumbo limegusa meza, akashona kwa pembeni. Leo ndiyo umeipa likizo?"

"Kuna suruali yangu pale."

"Inafanya nini?"

"Hakuimaliza."

Mama Vifungo akachomoa pini moja kifuani, akaichomeka palepale. Kisha akasema: "Haya nenda, shemeji. Umesimama juu ya darasa la tatu zima."

Mzee alirudi taratibu. Aliwaza duka la mdogo wake. Aliwaza kaunta. Aliwaza nyumba yenye mashine iliyofunikwa, pamoja na mzee mmoja akiinywesha mafuta kila juma, hana wa kumuuliza nani kamaliza chupa.

Alipofika, Balozi alikuwa akikunja nguo, bado hajazitia begini. Mzee akaenda dirishani, akavuta shuka.

"Ichukue," alisema.

Binti alisimama na blauzi mkononi. "Baba, si lazima."

"Ichukue kabla sijakaa chini."

Balozi akaja. Akashika gurudumu la pembeni ili ainue sindano. Halikuzunguka. Akashika kwa mikono miwili. Likakataa. Akainamisha uso kwenye vitundu, akanusa. Akagusa kwa kidole, kidole kikanata. Sisimizi wawili wakatoka, wakamtazama, wakarudi ndani.

"Baba."

"Naam."

"Haya ni mafuta gani?"

Mzee akatazama dirishani. "Nilikuwa naitunza."

"Ulikuwa unaitunza au unaikaanga?"

Mafuta ya kupikia yakikaa kwenye chuma hugeuka gundi; hilo Mzee hakulijua, na sasa lilikuwa mbele yake limekauka rangi ya asali. Akakaa chini. Alihisi kama mtu aliyeua kitu kwa kukibembeleza. "Imekufa?" aliuliza.

Balozi alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, ikashindikana. Alicheka hadi akashika meza, na machozi yakatoka, na hayakuwa ya kicheko yote. "Haijafa. Imeshiba. Lete mafuta ya taa. Yale ya taa, Baba, nionyeshe chupa kwanza."

Wakafanya kazi wawili. Mafuta ya taa tone tone kila kitundu, ngoja, tikisa gurudumu, futa, tia tena. Mzee alishika tambara. Gurudumu lilijongea kiasi cha ukucha, kisha robo, kisha likazunguka likilia, kisha likaacha kulia. Ndipo yakatiwa mafuta yenyewe ya mashine, yale mepesi kama maji. Sindano ikapanda. Ilikuwa imeshika kutu, na kwenye kitambaa ikaacha alama ndogo ya kahawia. Balozi akainua kile chuma kinachobana, akaitoa suruali, akampa baba yake bila kuikunja.

Mzee aliikunja mwenyewe.

Waliibeba mashine asubuhi, kila mmoja upande wake, Mzee akipiga kelele kwa kila shimo la barabara kama anayebeba mgonjwa. Mama Vifungo aliipokea kwa kuifuta kwanza na upindo wa gauni lake, na haikuhitaji kufutwa. Akakaa, akakanyaga. Akasimamisha. "Ndiyo sauti yake," alisema, na akaanza kushona kwa fujo ili asitazamwe.

Balozi alichukua ile mbovu. Alizunguka madukani mpaka akapata ndoano inayofanana, akairudisha mahali pake, akausogeza mti wa sindano kidogo kidogo hadi ndoano ikawa inapita juu tu ya tundu la sindano pale sindano inapoanza kupanda. Hapo ndipo uzi hudakwa. Ukikosea kidogo, hakuna mshono. Aliimba alipoupata mshono.

Kila siku Mzee alikwenda nyuma ya stendi kuangalia ile iliyoazimwa. Alisimama mlangoni. Alisema, "Usiikimbize." Alisema, "Ina mafuta?" Siku ya tatu Mama Vifungo alimwambia Balozi, "Mwanangu, maliza haraka, si kwa ajili ya mashine. Kwa ajili ya baba yako."

Mashine yake ilirudi ikishona kama mpya. Mama Vifungo akaijaribu kwenye shati moja, akaitazama, akaitazama na ile ya marehemu.

"Hii yangu bado ina kikohozi," alisema.

"Haina, mama."

"Kidogo."

"Mama, nirudishie mashine."

Ilibidi Mzee aingie kati na kuishika kwa mikono miwili. Lakini haikufika nyumbani. Fundi wa chumba cha jirani, yule aliyecheka nyuma ya ukuta wa mbao, alikuwa ameshasimama mlangoni na mashine yake mabegani. "Hiyo ya kushikilia," alisema, "ni zamu yangu." Nyuma yake kulikuwa na mwingine.

Mzee alimpigia mdogo wake simu mwenyewe. "Mtoto haji," alisema.

"Kwa nini, kaka?"

"Ana foleni."

Wiki zikapita mashine ikitoka chumba hiki kuingia kile. Mkebe wa biskuti ukapata mwenzake. Mlangoni pa nyumba Balozi aliandika kwa rangi: BALOZI, FUNDI WA CHEREHANI, YA KUSHIKILIA IPO. Mtaani hawakuuliza tena ametumwa nchi gani. Waliuliza atafika saa ngapi.

Siku moja mashine ilipumzika nyumbani kati ya mteja na mteja. Mzee akaleta suruali. Aliiweka mezani bila neno, ule mguu wa pili juu. Balozi akaupeleka chini ya sindano, akaanzia pale mama yake alipoishia, pale penye alama ya kutu. Alishona polepole, ulimi nje. Mishono yenyewe ilikuwa sawasawa, mmoja haukuruka. Mstari ndio ulipanda, ukashuka, ukapotea kidogo, ukarudi.

Mzee akaivaa. Akasimama katikati ya chumba, akatazama chini. Mguu mmoja ulikuwa umenyooka kama rula. Mwingine ulikuwa umekwenda kutembea.

"Umepinda," alisema.

Balozi akachuchumaa, akaukagua, akaukunjua kwa kidole gumba. Kisha akasema: "Mashine ni nzima kabisa, Baba. Ni mkono tu ndio si wa Mama."